Siku 46 za Andiko la Ruzuku: Hesabu Huanzia Mwisho

Barua ya kualikwa kuwasilisha andiko kamili la mradi ikifika, jambo la kwanza linaloandikwa ubaoni ni tarehe ya mwisho. Ofisi nzima huanza kuitazama tarehe hiyo, nayo huonekana iko mbali. Lakini hiyo ni tarehe ya mfadhili. Asasi ina tarehe yake, nayo imejificha nyuma sana ya ile ya ubaoni: ni siku ambayo bajeti inafungwa, na baada yake hakuna euro inayoweza kuhamishwa bila kuvuruga maelezo, makubaliano na wabia, na uamuzi wa bodi. Asasi inayoijua siku hiyo tangu mwanzo hupata nafasi ya kuandika vizuri. Ile isiyoijua huja kuigundua usiku wa mwisho, wakati haina tena la kufanya.

Ili kuipata siku hiyo, tuchukue mfano mmoja na kuufuata kutoka mwisho kwenda mwanzo. Asasi ya mfano ni ya kubuni: iko Lindi, ina mbia Kilwa Masoko na mwingine Dar es Salaam, na inataka kuwasaidia wakulima wa mwani wa Kilwa, pamoja na kisiwa cha Songosongo, kuhamia maji ya kina kirefu. Kanuni zenyewe ni za kweli. Ni zile za miito ya Umoja wa Ulaya kwa asasi za kiraia, zinazotokana na mwongozo wa taratibu za mikataba unaojulikana kwa jina la PRAG. Kila mwito huja na mwongozo wake kwa waombaji, na panapotokea tofauti, ule wa mwito husika ndio wa kufuatwa.

Miito mingi ya aina hii huenda kwa hatua mbili. Kwanza asasi hutuma andiko la awali, kurasa chache zenye wazo na makadirio ya fedha. Andiko hilo hupimwa kwa alama 50, na lisilofikisha 30 huishia hapo. Waliovuka hualikwa kuandika andiko kamili, na kwa kawaida hupewa siku zisizopungua 45. Tuseme barua yetu imefika Ijumaa, 13 Februari 2026, na tarehe ya mwisho ni Jumanne, 31 Machi, saa 6 mchana kwa saa za Brussels. Hizo ni siku 46.

Saa ipi hasa?

Tuanze na saa yenyewe, maana hapa pana mtego. Wakati wa baridi, Brussels iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Saa 6 mchana ya kule ni saa 8 mchana ya Lindi. Lakini Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa zake mbele, na mwaka 2026 Jumapili hiyo ni tarehe 29. Kuanzia hapo tofauti inabaki saa moja. Kwa hiyo Jumanne ya tarehe 31, mlango unafungwa saa 7 mchana ya Lindi. Mtu aliyefanya hesabu mwezi Februari na kuandika ubaoni saa 8 mchana atafika akiwa amechelewa kwa saa nzima, na mfumo wa mtandaoni haumsubiri mtu. Andika ubaoni saa ya hapa, kwa maneno, pamoja na tarehe.

Hata hivyo saa 7 mchana ya Jumanne haifai kuwa muda wa kuwasilisha. Mei 12 mwaka 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana, na huduma haikurudi kikamilifu siku hiyohiyo. Aliyekuwa na andiko la kutuma siku hiyo hakuwa na wa kumlaumu ofisini kwake, wala hakuwa na njia. Pia kuna umeme, na kuna msongamano wa waombaji wote wanaoingia kwenye mfumo mmoja saa za mwisho. Kwa sababu hizo tunaweka siku ya kuwasilisha Alhamisi, 26 Machi. Ijumaa na Jumatatu zinabaki kuwa akiba. Siku hizo za akiba zisipangiwe kazi yoyote ya uandishi, kwa sababu zikishapangiwa kazi zinakoma kuwa akiba.

Ukaguzi wa mwisho: siku mbili

Nyuma ya Alhamisi zinakaa Jumanne na Jumatano, tarehe 24 na 25, kwa ajili ya ukaguzi. Ukaguzi huu ufanywe na mtu ambaye hakuandika, kwa sababu aliyeandika huona alichokusudia kuandika. Anayekagua akae na mwongozo wa waombaji mkononi, afungue kila faili na kutafuta mambo machache yanayoangusha maandiko mazuri.

La kwanza ni nambari kutopatana. Kiasi kinachoombwa huandikwa sehemu kadhaa: kwenye fomu ya mtandaoni, kwenye fomu ya maombi, na kwenye faili la bajeti, ambalo lina karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ni bajeti yenyewe, ya pili ni uhalali wa kila gharama, na ya tatu ni vyanzo vya fedha. Jumla ya karatasi ya kwanza lazima iwe sawa na jumla ya karatasi ya tatu mpaka senti. Kiasi na asilimia vya karatasi ya tatu lazima viwe sawa na vilivyo kwenye fomu. Zikitofautiana kwa euro chache tu, ujue kuna mtu aliyebadilisha kitu bila kuwaambia wenzake, na kosa lenyewe huenda ni kubwa kuliko tofauti inayoonekana.

La pili ni jina. Jina la kila mbia kwenye fomu liwe lilelile, herufi kwa herufi, lililo kwenye cheti cha usajili na kwenye hati aliyotia saini. Asasi nyingi zina jina refu la usajili na jina fupi la mazungumzo, na majina hayo mawili hupenda kubadilishana viti katika maandiko.

La tatu ni saini. Mwombaji mkuu hutia saini tamko lake, na kila mwombaji mwenza hutoa hati ya idhini inayomruhusu mwombaji mkuu kuwasilisha kwa niaba yake. Anayekagua aangalie saini, tarehe, na kama aliyetia saini ndiye mwenye mamlaka hayo kwa mujibu wa katiba ya asasi. Hati iliyopigwa picha kwa simu hadi maandishi ya ukingoni yakakatika ihesabiwe haipo. Mwishoni, faili likishapandishwa kwenye mfumo, lifunguliwe kutoka mlemle kwenye mfumo na kusomwa, kwa sababu kupandisha toleo la zamani lenye jina linalofanana ni kosa jepesi kuliko yote.

Idhini: watu, sikukuu na barabara

Kama saini zinakaguliwa tarehe 24, basi ziwe zimeshafika ofisini mapema zaidi. Hapa ndipo kalenda inaanza kubana. Mwaka 2026 Ramadhani imeanza kati ya tarehe 18 na 19 Februari, na Idi inaangukia tarehe 20 au 21 Machi kufuatana na mwandamo wa mwezi. Ukanda wa Lindi na Kilwa una Waislamu wengi. Mwenyekiti wa bodi ya mbia anaweza kuwa safarini kwao kwa ajili ya Idi, na ofisi zikafungwa kuanzia Ijumaa. Machi pia ni mwezi wa kuanza kwa masika, na hati ya karatasi inayosafiri kwa basi kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi inaweza kukutana na barabara iliyojaa maji.

Saini zote zipatikane basi kati ya Jumatatu tarehe 16 na Jumatano tarehe 18, kabla ya watu kuondoka.

Wengi hudhani saini ni jambo la dakika moja. Dakika moja ni ya kalamu tu. Katika kanuni hizi, mbia anapotia saini anathibitisha kuwa amelisoma andiko, anaijua kazi yake ndani ya mradi, na ameridhia liwasilishwe. Kumpelekea hati tupu aitie saini huku andiko bado linaandikwa ni kumwomba athibitishe asichokijua. Madhara yake hujitokeza mradi ukishapata fedha: mbia anagundua kuwa mgao wake ni mdogo kuliko alioufikiria, au amepangiwa kazi asiyo na watu wa kuifanya, na mzozo unaanza mwezi wa kwanza wa utekelezaji. Ili aweze kusoma kwa dhati, andiko lililotulia limfikie kabla ya saini kwa siku kadhaa.

Bodi ya mwombaji mkuu nayo ina uamuzi wa fedha wa kufanya. Umoja wa Ulaya kwa kawaida haulipi gharama yote. Tuseme mwongozo wetu unaruhusu ruzuku isiyozidi asilimia 90, hivyo asasi itafute asilimia 10 iliyobaki. Sehemu hiyo iwe fedha. Nguvu kazi ya wanakijiji wanaojitolea au jengo lililoazimwa na kijiji kwa kawaida havihesabiwi kuwa mchango, isipokuwa mwongozo useme vingine. Bodi haiwezi kuahidi asilimia 10 ya jumla isiyojulikana. Inahitaji tarakimu. Tukiiweka bodi Jumamosi, 14 Machi, asubuhi, bajeti iwe imefungwa jioni ya Ijumaa, 13 Machi.

Siku yetu ndiyo hiyo. Tarehe ya mwisho ya kweli ya asasi hii ni tarehe 13 Machi, siku 18 kabla ya ile iliyoandikwa ubaoni.

Kwa nini bajeti ndiyo inayoamua

Ili kuona kwa nini nimeipa bajeti uzito huo, tuipitie ya asasi yetu. Kwenye andiko la awali waliomba €400,000. Kanuni inasema kiasi kinachoombwa kwenye andiko kamili kisitofautiane na kile cha awali kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo wanaweza kuomba kuanzia €320,000 hadi €480,000, na si zaidi.

Wakaenda Songosongo na kukaa na wakulima. Wakasikia kwamba kilimo cha maji ya kina hakiwezekani bila boti, wakaongeza boti tatu za fiba, moja kwa kila kundi la wakulima 120. Bei za kamba na za vifaa vya kukaushia mwani nazo zikawa juu kuliko walivyokadiria mwanzoni. Gharama za moja kwa moja zikafika €500,000. Juu yake kanuni inaruhusu gharama za uendeshaji wa asasi zisizozidi asilimia 7, yaani €35,000. Kanuni pia inaruhusu akiba ya dharura isiyozidi asilimia 5, lakini waliamua kuiacha. Jumla ikawa €535,000. Asilimia 90 ya hiyo ni €481,500.

Wamevuka mpaka kwa €1,500. Ukiweka tofauti hiyo kando ya bajeti yote, ni ndogo mno. Lakini andiko linaweza kukataliwa kwa ajili yake, hata kama kila sentensi iliyomo imeandikwa vizuri.

Jambo hili likigunduliwa tarehe 9 Machi, kuna njia mbili za wazi. Asasi inaweza kuomba €480,000 na kuongeza mchango wake kutoka €53,500 hadi €55,000. Njia hiyo inaiacha kwenye ukingo kabisa, ambako kosa moja la kujumlisha linaivusha tena. Njia ya pili ni kupunguza kazi. Wakatazama na kuamua kuondoa boti moja. Boti yenyewe ni €8,000, na mafuta na matengenezo yake kwa muda wa mradi ni €2,000 katika sehemu nyingine ya bajeti. Gharama za moja kwa moja zikashuka hadi €490,000, uendeshaji ukawa €34,300, na jumla €524,300. Asilimia 90 yake ni €471,870, na mchango wa asasi €52,430. Sasa wako chini ya mpaka kwa €8,130.

Fuata boti hiyo moja ilipogusa. Kiashiria cha wakulima watakaohamia maji ya kina kimeshuka kutoka 360 hadi 240. Kundi la tatu linahitaji msaada wa namna nyingine, la sivyo halina nafasi katika mradi. Ratiba ya mafunzo inabadilika. Maelezo ya uhalali wa gharama kwenye karatasi ya pili yanabadilika. Mgao wa mbia wa Kilwa, ambaye ndiye angesimamia boti, unapungua kwa €10,000, naye lazima aambiwe na kukubali. Bodi inaidhinisha mchango tofauti. Kazi yote hiyo imetoka kwenye ziada ya €1,500. Ikifanyika tarehe 9 inawezekana kwa siku tatu au nne. Tarehe 27 haiwezekani, kwa kuwa mbia ameshatia saini andiko lenye boti tatu na huenda bado hajarudi kutoka Idi, bodi imeshakaa na kutawanyika, na anayebaki ofisini atabadilisha namba kwenye bajeti na kusahau kiashiria. Watathmini wakisoma watakuta boti mbili kwenye bajeti na makundi matatu baharini.

Kuandika na kuhesabu sambamba

Kama bajeti inafungwa tarehe 13, na wabia wanahitaji kusoma tarehe 11 na 12, basi rasimu kamili ya maelezo na bajeti iwe tayari jioni ya Jumanne, tarehe 10. Kabla yake kuna Jumatatu, tarehe 9, yenye kazi yake maalumu: maswali. Kanuni inaruhusu waombaji kuuliza kwa maandishi mpaka siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, na majibu hutolewa si chini ya siku 11 kabla. Kwetu mwisho wa kuuliza ni Jumanne, 10 Machi, na majibu yanaweza kuja mpaka Ijumaa, 20 Machi, ambayo huenda ikawa siku ya Idi yenyewe.

Hapo kuna tatizo la kweli: majibu yanaweza kuja wiki moja baada ya bajeti kufungwa. Dawa yake ni kufanya mambo mawili mapema. Kwanza, timu iamue mapema ni mistari ipi ya bajeti inayoweza kuguswa baada ya tarehe 13, na iwe ile tu iliyo chini ya mwombaji mkuu mwenyewe, isiyogusa mgao wa mbia wala kiashiria chochote. Pili, azimio la bodi liandikwe kwa kiwango cha juu badala ya tarakimu moja. Badala ya kuidhinisha €52,430 kamili, bodi iidhinishe mchango usiozidi €55,000 na kumpa mkurugenzi mamlaka ya kurekebisha ndani ya kiwango hicho. Jibu la tarehe 20 likibadilisha kitu, Jumatatu ya tarehe 23 inatosha kukirekebisha bila kuitisha kikao kingine.

Sasa tumefika kwenye uandishi wenyewe, wiki mbili kuanzia 23 Februari hadi 6 Machi. Ofisi nyingi hutenganisha kazi hii: mtu wa miradi anaandika maelezo, mhasibu anasubiri apewe shughuli aziwekee bei. Utaratibu huo ndio unaozaa ziada ya €1,500 isiyoonekana mpaka mwisho. Kazi hizi mbili ziende pamoja, na kinachoziunganisha ni jedwali la mantiki ya mradi, ambalo maofisini watu huliita logfremu. Jedwali hilo huonyesha lengo, matokeo, shughuli, viashiria na mahali pa kupata ushahidi wake.

Kila shughuli ipewe namba, na namba hiyo iandikwe pembeni ya kila mstari wa bajeti unaoihudumia. Kisha fanya jaribio la pande mbili. Kutoka kwenye jedwali kwenda kwenye bajeti: je, kuna shughuli isiyo na mstari wowote? Kama mafunzo ya kufunga kamba za taitai yameahidiwa lakini hakuna posho ya mkufunzi, nauli ya boti wala kamba zenyewe, shughuli hiyo itatekelezwa kwa fedha isiyokuwepo. Kutoka kwenye bajeti kwenda kwenye jedwali: je, kuna mstari usiohudumia shughuli yoyote? Huo ama ni gharama iliyobaki kutoka mradi wa zamani, ama ni shughuli iliyosahaulika kuelezwa. Jaribio hili lifanywe kila jioni ya Ijumaa katika wiki hizo mbili. Linachukua saa moja, na linaonyesha tatizo lingali dogo.

Bei nazo zianze kutafutwa wiki ya kwanza. Karatasi ya pili ya bajeti inataka kila gharama ielezwe imepatikanaje, na maelezo yanayotosha ni yale yaliyotokana na profoma ya muuzaji, viwango vya posho vilivyoidhinishwa na asasi, au malipo ya mradi uliopita. Muuzaji wa boti wa Dar es Salaam anaweza kuchukua wiki kutoa profoma. Bajeti iandikwe kwa euro, ilhali bei nyingi zimo katika shilingi, kwa hiyo timu nzima itumie kiwango kimoja cha kubadilishia fedha. Tume ya Ulaya huchapisha viwango vya kila mwezi vinavyoitwa InforEuro. Chagua cha mwezi mmoja, kiandike juu ya karatasi, na wabia wote wakitumie. Mbia mmoja akitumia kiwango cha benki yake na mwingine cha InforEuro, bei ya kamba ileile itaonekana tofauti Kilwa na Lindi, na watathmini watauliza sababu.

Upande wa maelezo, yaandikwe kwa kufuata mizani ya watathmini. Andiko kamili hupimwa kwa alama 100, na sehemu ya kwanza, inayohusu uwezo wa kifedha na kiutendaji wa waombaji, ina alama 20. Asasi isiyofikisha 12 katika sehemu hiyo huenguliwa hata ikiwa na mradi mzuri. Ni sehemu ambayo watu huiandika haraka kwa kunakili wasifu wa asasi kutoka andiko la zamani. Inastahili siku zake: miradi iliyotekelezwa, kiasi cha fedha kilichosimamiwa, watu waliopo na wanachokijua. Kama asasi haijawahi kusimamia boti wala kazi za majini na mbia wa Kilwa amewahi, liseme hilo wazi. Uwezo wa wabia nao huhesabiwa.

Wiki ya kwanza

Tumebaki na siku za mwanzo kabisa, kuanzia barua ilipofika Ijumaa ya tarehe 13 Februari hadi Jumamosi ya tarehe 21. Ukizihesabu kutoka mwanzo, huonekana ni siku za kupumua. Ukizihesabu kutoka mwisho, ndizo za kukamilisha jedwali la mantiki pamoja na wabia, kwa sababu bajeti na maelezo yanaanza kulitegemea tarehe 23. Ramadhani imeanza katikati ya wiki hiyo, hivyo vikao na wakulima viwe vya asubuhi, na vifuate maji, maana mkulima wa mwani hufanya kazi bamvua linapokupwa sana na hatakuja kikaoni wakati huo.

Wiki hiyohiyo, mtu mmoja aingie kwenye mfumo wa mtandaoni unaotajwa na mwongozo, uwe ni PROSPECT au mwingine, na kuhakikisha kuwa akaunti ya asasi inafunguka, taarifa za usajili ni za sasa, na watu wawili wana uwezo wa kuingia. Akaunti iliyofunguliwa na mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, kwa barua pepe yake binafsi, inaweza kuchukua siku nyingi kurejeshwa. Tarehe 16 Februari hilo ni usumbufu tu. Tarehe 26 Machi linaweza kuumaliza mradi.

Ukisoma kalenda hii kwa mpangilio wake wa kawaida sasa, utaiona ni fupi: wiki moja ya kupatana juu ya mradi, wiki mbili za kuandika na kuhesabu sambamba, siku chache za maswali na usomaji wa wabia, bajeti kufungwa tarehe 13, bodi tarehe 14, saini kabla ya Idi, marekebisho ya majibu tarehe 23, ukaguzi, kisha kuwasilisha tarehe 26. Kila siku imewekwa mahali pake na ile inayoifuata. Ndiyo maana mtu akija tarehe 17 Machi na wazo zuri la kuongeza warsha, jibu la haki ni kumuuliza warsha hiyo inachukua nafasi ya nini, na kama mbia aliyetia saini jana atalazimika kusoma upya. Kama atalazimika, wazo hilo lisubiri mwito mwingine.

Andiko likishapokelewa na uthibitisho wa mfumo ukahifadhiwa, faili zote zibaki katika folda moja: profoma, kumbukumbu za kikao cha bodi, hati halisi zenye saini, na nakala ya mwisho ya bajeti yenye kiwango cha InforEuro kilichotumika. Asasi ikifaulu, itatakiwa kuleta hati zake za kuthibitisha sifa, na wakati wa kuandaa mkataba mfadhili anaweza kutaka makosa ya hesabu yarekebishwe au gharama fulani ifafanuliwe. Atakayejibu huenda asiwe yule aliyeandika. Jibu lake litatoka ndani ya folda hiyo, na muda atakaopewa hautakuwa siku 46.